Nomino za Kiebrania zenye sura ya kike na tabia ya kiume: mwongozo kamili kupitia Yona 2:1

Mtu akikutakia usiku mwema kwa Kiebrania atasema laila tov. Mwaka mpya ukifika atasema shana tova. Laila ni usiku, shana ni mwaka, na maneno yote mawili yanaishia kwa a. Lakini "mwema" wa usiku ni tov, umbo la kiume, na "mwema" wa mwaka ni tova, umbo la kike. Aliyefundishwa katika somo la kwanza kwamba nomino ya Kiebrania inayoishia kwa a ni ya kike anakwama hapo hapo, na asipoelezwa sababu ataanza kukariri neno moja moja kama orodha ya madeni.

Sababu ipo, tena zipo kadhaa, na zinatofautiana. Ndiyo maana nimechagua kupita katika aya moja tu, Yona 2:1. Ndani ya aya hiyo fupi mna jina la mwanamume lenye umbo la nomino ya kike, mna nomino ya kiume iliyovaa kiishio cha wingi wa kike, na mna namba ya kiume inayoonekana ya kike. Mitego mitatu, kila mmoja na chanzo chake. Ukiifungua Biblia ya Kiswahili ya Union, aya hiyo ni Yona 1:17, kwa kuwa katika Kiebrania sura ya pili inaanza aya moja mapema. Hapa nafuata hesabu ya Kiebrania.

Aya inasomeka hivi:

Vayman Adonai dag gadol livloa et Yona, vayhi Yona bimei hadag shlosha yamim ushlosha leilot.

Maana yake: Bwana akaamuru samaki mkubwa ammeze Yona, naye Yona akawa tumboni mwa samaki siku tatu, mchana na usiku. Kiebrania chenyewe kinahesabu mara mbili: yamim tatu, yaani siku, na leilot tatu, yaani usiku. Nimeandika kwa herufi zetu ili kila mtu afuate. Kh isome kama katika "kheri", na pale nitakapoandika silabi kwa herufi kubwa, hapo ndipo mkazo ulipo.

Hatua ya kwanza: tenganisha sura na upatanisho

Jambo hili Mswahili analifanya kila siku bila kulifikiria. Tunasema "kiongozi amefika", "vipofu wameketi", "kijana huyu". Kwa sura maneno hayo yangekaa na kiti na kisu katika ngeli ya KI-VI, lakini upatanisho wake ni wa A-WA. Hakuna anayesema "kiongozi kimefika" kwa sababu tu neno linaanza na ki. Tunatazama kinachotajwa, kisha tunapatanisha.

Kiebrania kina jinsia mbili tu za nomino, zakhar (ya kiume) na nekeva (ya kike), na kila kitu lazima kiingie katika mojawapo: meza, mkono, mji, usiku. Jinsia ya nomino inajulikana kwa yale yanayoandamana nayo: kitenzi, kivumishi, kionyeshi, kiwakilishi na namba. Kiishio cha nomino yenyewe ni dalili tu. Kwa hiyo kabla ya kugusa aya yoyote, chukua karatasi, upande mmoja andika nomino zake jinsi zinavyoonekana, upande wa pili andika maneno yanayopatana nazo. Pande hizo mbili zikigombana, unaouamini ni upande wa pili.

Kwa aya yetu karatasi itakuwa hivi. Dag, samaki, haina kiishio cha kike na kivumishi chake ni gadol, "mkubwa" wa kiume, basi hapo hakuna ugomvi. Yona inaishia kwa a, lakini kitenzi chake ni vayhi, "akawa" wa kiume. Yamim, siku, ina kiishio cha wingi wa kiume, im, ila namba iliyo mbele yake, shlosha, inaishia kwa a. Leilot ina kiishio cha wingi wa kike, ot, na namba yake ni ile ile shlosha. Ugomvi unaanza kwa Yona na unaishia kwenye neno la mwisho.

Hatua ya pili: Yona, mtu na njiwa

Yona ni neno la kawaida la Kiebrania lenye maana ya njiwa, na njiwa huyo ni wa kike kisarufi, hana shaka. Katika Mwanzo 8:11 njiwa anamrudia Nuhu jioni: vatavo elav hayona, "njiwa akamjia". Tazama herufi t katika vatavo. Katika kitenzi cha masimulizi cha namna hii, va ikifuatwa na t humwonyesha mtendaji wa kike, na va ikifuatwa na y humwonyesha wa kiume. Aya mbili kabla yake, 8:9, imeandikwa velo matsʼa hayona manoakh, "njiwa hakupata mahali pa kutulia", na kitenzi hicho, kwa Kiebrania matsʼa, kina a ya kike mwishoni. Katika Wimbo Ulio Bora 2:14 mpenzi anaitwa yonati, "njiwa wangu", na ile t iliyochomoza kabla ya "wangu" ni alama ya kike halisi, kama tutakavyoona.

Sasa rudi kwa nabii. Vayhi Yona: y, si t. Kama aya ingekuwa inamzungumzia njiwa tungetarajia vatehi. Sababu hapa ni ile ile ya "kiongozi amefika". Jina limechukuliwa kutoka nomino ya kike, lakini aliyelibeba ni mwanamume, mwana wa Amitai, na upatanisho unamfuata mwenye jina.

Hapa lazima niweke onyo ambalo vitabu vingi vya kuanzia hulipita haraka. Kitenzi kikitangulia mtendaji wake, Kiebrania cha Biblia wakati mwingine hutumia umbo la kiume la umoja hata kama mtendaji anayefuata ni wa kike au ni wengi, na vayhi ni miongoni mwa vitenzi vinavyofanya hivyo. Kwa hiyo vayhi peke yake ni shahidi dhaifu. Mtu akikupinga kwa kusema, "Hicho kitenzi kimetangulia, hakithibitishi kitu", ana haki. Dawa yake ni kutafuta mahali ambapo mtendaji ametangulia na kitenzi kimefuata, kwa maana kitenzi kinachofuata hakina uhuru huo. Yona 1:5 inatupa tunachokitaka: veYona yarad, "naye Yona alikuwa ameshuka". Yona ametangulia, kitenzi ni yarad cha kiume. Cha kike kingekuwa yarda. Hapo hoja imefungwa.

Tabia ya kutafuta ushahidi wa pili nje ya aya ndiyo inayomwokoa msomaji. Usihukumu jinsia ya nomino kwa kitenzi kilichotangulia peke yake.

Hatua ya tatu: laila, a ambayo haikuwa ya kike tangu mwanzo

Kwa Yona tuliweza kusema ni mtu, basi. Usiku si mtu. Kwa nini basi laila ni ya kiume?

Anza kwa kusikiliza mkazo. Kiishio cha kike cha a hubeba mkazo: sha-NA, to-RA, da-GA, yo-NA. Laila haifanyi hivyo. Ni LAI-la, mkazo mwanzoni, a ya mwisho imelegea. Hapa Kiswahili kinatuponza kwa namna ya pekee. Sisi mkazo wetu unakaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno kama barábara, lililo tofauti na barabára, ni machache ya kuhesabu. Tukisoma Kiebrania kwa ulimi wetu tunasema SHA-na, TO-ra, DA-ga, LAI-la, yote kwa wimbo mmoja, na tofauti iliyokuwa inatuonyesha njia inapotea. Nimekaa na wanafunzi wengi wanaojua kanuni hii kwa kuandika lakini hawaisikii, kwa sababu hawajawahi kuitamka. Soma kwa sauti sha-NA mara kumi, kisha LAI-la mara kumi. Sikio likizoea, nusu ya kazi imekwisha.

A iliyolegea mwishoni ni kitu kingine kabisa. Nyumba ni BA-yit, na "kuelekea nyumbani" ni ha-BAI-ta. Nyumba haikugeuka kuwa ya kike kwa kupata a hiyo. Imeongezewa kiambishi cha kielezi, kama tunavyoongeza ni katika "nyumbani". Sasa weka pembeni LA-yil na LAI-la. Umbo fupi la LA-yil lipo kweli katika Biblia: Isaya 16:3 inalitumia. Wanasarufi wengi wameona kwamba laila ni lile neno fupi lililoshikwa na a ya kielezi, "wakati wa usiku", hadi likazoeleka kuwa nomino yenyewe. Wapo wanaoeleza asili yake kwa njia nyingine, kwa kulilinganisha na Kiaramu. Wote wanakubaliana katika jambo tunalolihitaji: a hiyo si kiishio cha kike.

Kipimo cha pili ni kuliambatanisha neno na lingine, kama tunavyosema "samaki wa baharini" au "mwaka wa mavuno". Nomino ya kike inayoishia kwa a, ikiambatana hivyo, hutoa t. Tora huwa torat, shana huwa shnat, yona huwa yonat. Ile yonati ya Wimbo Ulio Bora ni jambo hilo hilo. Msomaji wa pwani anaijua t hii tangu utotoni bila kujua kwamba anaijua: Lailatul Kadiri. Katika Kiarabu laila ni ya kike kwelikweli, basi ikiambatana na Kadiri inatoa t, laila-t-ul. Na sura hiyo ya 97 ya Kurani inapomalizia, salamun hiya, usiku huo unatajwa kwa hiya, kiwakilishi cha kike.

Kiebrania kinafanyaje kwa usiku wake mtukufu, usiku wa kutoka Misri? Kutoka 12:42 inauita leil shimurim hu, "usiku wa kukesha ndio huu". Si leilat, ni leil. A imeanguka yote na t haikutokea, kwa kuwa hakukuwa na kiishio cha kike cha kuitoa. Kiwakilishi nacho ni hu, cha kiume. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa karibu, neno ni moja, na bado moja linasema hiya na jingine hu. Anayejua Kiarabu asilete jinsia ya huko bila kupima.

Mashahidi wengine wako wengi. Kutoka 12:12 inasema balaila haze, "usiku huu", na haze ni kionyeshi cha kiume. Linganisha na Walawi 25:13, bishnat hayovel hazot, "katika mwaka huu wa yubile", ambako shnat imetoa t yake na imefuatwa na hazot, kionyeshi cha kike. Mwanzo 40:5 inasema watumishi wawili wa Farao waliota ndoto belaila ekhad, "usiku mmoja", na ekhad ni "moja" ya kiume. Na kila Pasaka, Wayahudi wanapoketi mezani, mtoto huuliza mah nishtana halaila haze, "usiku huu una tofauti gani". Kitenzi nishtana kinaishia kwa a, lakini a hiyo ni ya shina lake. Umbo lenyewe ni la kiume, na haze inathibitisha.

Vipimo hivi vina mipaka yake. Mkazo unaotakiwa ni ule wa maandishi ya Biblia yenye alama za usomaji, ambazo kwa sehemu kubwa huwekwa juu au chini ya silabi yenye mkazo. Usiutafute mitaani: katika mazungumzo ya leo Israeli majina mengi ya watu yamesogezewa mkazo nyuma, na utasikia YO-na. Hata ndani ya Biblia, neno lenye mkazo mwishoni linaweza kuurudisha nyuma neno linalofuata likianza kwa silabi yenye mkazo. Kwa hiyo ukiona mkazo umekaa mahali usipoutarajia, tazama neno linalofuata kabla ya kuamua. Nacho kipimo cha t hakina msaada kwa nomino ambayo hujaikuta ikiambatana na nyingine.

Hatua ya nne: leilot, wingi usiosema jinsia

Katika Yona 2:1 laila haipo katika umoja. Tunayo leilot, na mkazo uko mwishoni, lei-LOT, kwa hiyo kipimo cha sikio hakitufai hapa. Msomaji anaona ot na kusema, "Basi, huu ni wingi wa kike".

Viishio im na ot ni vya wingi. Nomino nyingi za kiume huchukua im na nyingi za kike huchukua ot, lakini si sheria. Av, baba, wingi wake ni avot, na hakuna atakayesema baba ni wa kike. Isha, mwanamke, wingi wake ni nashim. Shana ya kike ina wingi shanim, na bado hutakiwa shanim tovot, "miaka mema": nomino imevaa im, kivumishi kimebaki na ot. Kivumishi hakinakili sauti ya kiishio cha nomino. Kinafuata jinsia yake.

Mfano bora wa kuukariri ni Mwanzo 1:16, shnei hameorot hagdolim, "mianga miwili mikubwa". Maor, mwanga, ni ya kiume. Wingi wake ni meorot, wenye ot. Lakini mbele yake imesimama shnei, "mbili" ya kiume, na nyuma yake hagdolim, "mikubwa" yenye im. Nomino ya sura ya kike imebanwa katikati na mashahidi wawili wa kiume. Ukiweza kuutamka msemo huo bila kusita, leilot tovim haitakushangaza.

Hivyo ot ya leilot haisemi chochote juu ya jinsia. Iweke kando na umuulize jirani yake.

Hatua ya tano: shlosha, namba inayokwenda kinyume

Jirani wa leilot katika aya yetu ni namba peke yake. Hakuna kivumishi, hakuna kionyeshi. Na namba yenyewe, shlosha, inaishia kwa a yenye mkazo, shlo-SHA. Mwanafunzi mmoja aliniletea daftari lake akiwa na furaha kabisa. "Mwalimu, hapa nimeelewa. Leilot ni ya kike, na tatu yake ni ya kike, zinapatana."

Nikamwambia, "Vizuri. Sasa nisomee neno lililo mbele ya yamim."

Akasoma: shlosha. Akanyamaza. Yamim ni ya kiume, hata yeye hakuwa na shaka nayo, na ina tatu ile ile.

Kanuni ni hii: namba za Kiebrania kuanzia 3 hadi 10 zinakwenda kinyume kwa sura. Umbo lenye a hutumika na nomino za kiume, umbo fupi hutumika na nomino za kike. Ayubu 1:2 inaweka yote mawili katika pumzi moja: shiva vanim veshalosh banot, "wana saba na binti watatu". Wana wamepewa shiva, namba ya saba yenye a. Binti wamepewa shalosh, tatu isiyo na a. Sijaona aya inayoifundisha kanuni hii vizuri kuliko hiyo, maana hakuna anayeweza kukosea ni nani wa kiume kati ya wana na binti. Iandike juu ya daftari lako na uirudie kila unapokutana na namba.

Sasa hesabu inakuwa rahisi. Shlosha ni umbo linaloandamana na nomino za kiume. Limeandamana na leilot. Basi leilot ni ya kiume. Ingekuwa ya kike tungesoma shalosh leilot. Na si Yona peke yake: 1 Samweli 30:12, habari ya yule Mmisri aliyekutwa porini akiwa hajala wala kunywa, ina maneno hayo hayo, shlosha yamim ushlosha leilot. Ayubu 2:13 inasema marafiki zake waliketi naye shivat yamim veshivat leilot, siku saba na usiku saba. Usishtuliwe na t ya shivat. Ni ile shiva yenye a, imeambatana na nomino inayofuata, kwa hiyo bado ni namba ya nomino za kiume.

Ndiyo maana namba ni shahidi ninayemwamini sana. Haitazami kama nomino imevaa im au ot. Inakwenda moja kwa moja kwenye jinsia. Lakini ujue inapoishia nguvu. Moja na mbili haziko katika kanuni ya kinyume: ekhad na shnei ni za kiume, akhat na shtei ni za kike, kama sura zake zinavyoonyesha. Makumi, kuanzia 20 hadi 90, hayabadiliki kwa jinsia. Musa alikaa mlimani arbaim yom vearbaim laila, siku arobaini na usiku arobaini, Kutoka 24:18, na aya hiyo ingawa ina laila na namba pamoja haithibitishi kitu juu ya jinsia ya laila. Nayo lugha ya mtaani Israeli si mahali pa kujifunzia hili. Watu wengi husema shalosh shekel sokoni, ingawa shekel ni ya kiume na sarufi inataka shlosha.

Hatua ya sita: soma aya yote tena, kisha songa aya moja mbele

Rudia aya polepole ukitaja sababu ya kila upatanisho. Dag gadol: sura na upatanisho ni vya kiume. Vayhi Yona: nomino ya kike imekuwa jina la mwanamume, na 1:5 imethibitisha. Shlosha yamim: namba imekwenda kinyume kama kawaida. Shlosha leilot: ot ni ya wingi tu, a ya umoja wake haikuwa ya kike, na namba imetoa ushahidi. Ukikwama mahali, dalili ya kosa huwa ni moja: utajikuta unataka kusahihisha maandishi. Msomaji anayesema "hapa mwandishi alipaswa kuandika shalosh" amerudi kuamini kiishio.

Ukishaimaliza aya hiyo, ingia 2:2, kwa kuwa hapo kuna neno litakalokujaribu. Yona anaomba mimei hadaga, "kutoka tumboni mwa samaki". Jana alikuwa dag, sasa ni daga. Kiswahili kina samaki mmoja kwa yote mawili, kwa hiyo anayesoma Biblia yetu hawezi hata kujua kwamba kuna jambo. (Dagaa wetu wanaweza kukusaidia kulikumbuka neno, ila usijenge hoja juu ya mfanano huo wa sauti.)

Je, daga ni kama laila, sura ya kike na tabia ya kiume? Pima. Mkazo: da-GA, mwishoni. Kuambatana: Mwanzo 1:26 ina bidgat hayam, "samaki wa bahari", t imetoka wazi. Kitenzi: Kutoka 7:21, vehadaga asher bayor meta, "samaki waliokuwa mtoni wakafa", na meta ni umbo la kike la umoja, tena limekuja baada ya mtendaji wake. Vipimo vyote vitatu vinasema daga ni ya kike kabisa. Tena mfano wa Kutoka unaonyesha matumizi yake ya kawaida, yaani samaki kwa jumla, wengi wakihesabiwa kama kitu kimoja. Kumwita samaki mmoja daga ndilo jambo lisilo la kawaida katika Yona 2:2.

Wafafanuzi wa Kiyahudi wa kale hawakulipita. Rashi, aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, anaeleza kwamba samaki walikuwa wawili. Kwanza alikuwa dume, Yona akakaa kwa nafasi na hakuomba. Kisha akatemwa na kumezwa na jike aliyejaa watoto tumboni, akabanwa, ndipo akaomba. Ni ufafanuzi uliozaliwa na silabi moja, na anayeijua sarufi anauona ulikotoka. Wengine hulichukua kuwa ni mabadiliko ya umbo tu, dag na daga zikitumika kwa mnyama mmoja.

Sarufi inaweza kusema nini hapa? Katika 2:2 hakuna kitenzi wala kivumishi kinachopatana na daga, kwa hiyo aya yenyewe haina shahidi. Nenda 2:11, samaki anapomtoa Yona: vayomer Adonai ladag, vayake et Yona. "Bwana akasema na samaki, naye akamtapika Yona." Jina limerudi kuwa dag na kitenzi ni vayake, chenye y. Anayetaka samaki wawili atalazimika kueleza jinsi Yona, aliyekuwa ndani ya jike katika aya ya 2, alivyotapikwa na dume katika aya ya 11, na simulizi halitaji kuhama kokote. Mimi nafuata samaki mmoja, lakini kwa sababu ya vayake, si kwa sababu daga ni ya kiume. Daga ni ya kike, na imebaki ya kike.